Siku Walipomlaza Redio Kifudifudi

Mtaani walimwita Fundi, na ukitaja jina hilo bila kuongeza neno, kila mtu alijua humaanishi fundi wa bomba wala wa umeme. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, anayetengeneza makochi na viti. Ukimkuta kazini ungemkuta amepiga magoti nyuma ya kochi la mtu, vimisumari kadhaa amevibana kwa midomo, nyundo mkononi. Ukimsalimu alikujibu kwa kichwa. Kibanda chake kilikuwa chini ya ghorofa, na nyumba yao ilikuwa juu hapo hapo. Kazi alifundishwa na baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na wala hakuwahi kulilalamikia hilo.

Mume wake, dereva wa lori, alibandikwa jina la Redio. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Asubuhi alianza kuongea kabla hajafungua macho vizuri, na akiwa bafuni aliendelea kwa sauti ya juu zaidi ili maji yasimkatize. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo ndoa yao ilienda sawa: mmoja alitangaza, mwingine alisikiliza, na pale alipochoka alimwambia, "Punguza sauti," naye alipunguza kwa muda mfupi.

Ugonjwa ulianza kama mafua ya kawaida. Redio alirudi safari akikohoa, akasema vumbi. Homa ikapanda, akasema uchovu. Alipoanza kushika ubavu kila akivuta pumzi, Fundi alimwambia waende hospitali, naye akajibu kwamba akienda hospitali kwa kila kikohozi lori litaendeshwa na nani. Alimeza vidonge vya kutuliza homa, akalala, akaamka amelowa jasho.

Mchana mmoja Fundi alipanda juu kumpelekea uji. Akamuuliza kama amepata usingizi. "Ki-dogo," akasema Redio. Akamuuliza ubavu unaendeleaje. "Una... uma." Fundi aliweka bakuli chini. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mtu huyu akijibu kwa neno moja moja. Akamtazama vizuri: tundu za pua zilikuwa zinapanuka na kubana kama za mtu aliyetoka mbioni, shingo imekaza, na midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Hakubishana naye tena. Alishuka ngazi na aproni yake ya kazi bado kiunoni, akasimamisha gari la kwanza lililokubali kusimama.

Hospitali walimwekea barakoa ya oksijeni, wakampiga picha ya kifua, wakamwanzishia dawa za nimonia kwenye mshipa. Fundi alidhani hapo mambo yatatulia. Hayakutulia. Kufikia siku ya pili Redio alikuwa anapumua kwa mwili mzima, mabega, tumbo, shingo, na bado kile kibanio kidogo kidoleni kilikuwa kinasoma oksijeni ya chini. Wakamwambia amechoka, hawezi kuendelea kuifanya kazi hiyo peke yake. Wakamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakapitisha mrija mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na mashine ikaanza kumpumulia.

Fundi aliambiwa asubiri kwenye benchi la korido. Shemeji yake, mdogo wake Redio, muuza vipuri vya magari, akaja moja kwa moja kutoka dukani, harufu ya grisi imemjaa. Wakakaa pamoja wakiutazama mlango. Mlango ulipofunguka walisikia mashine ikivuta na kutoa, kisha mlango ukajifunga, sauti ikakatika.

Daktari wa chumba kile alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliwaita kwenye kijichumba chenye viti vitatu. Fundi alikaa kwenye kile ambacho sponji yake ilikuwa imekufa, akazisikia mbao.

"Mama, nitasema kwa lugha ya kawaida, na usipoelewa nikatize," daktari alianza. "Nimonia imewasha uvimbe katika mapafu yote mawili. Mapafu yana vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kifuko kimezungukwa na vishipa vyembamba vya damu. Katikati yao kuna ukuta mwembamba mno. Hewa safi inapita hapo kuingia kwenye damu. Sasa uvimbe umefanya vile vishipa vivuje."

"Anavuja damu ndani?" Shemeji akauliza.

"Hapana, si damu yenyewe. Ni majimaji ya damu. Yanajaa kwenye vifuko, mahali palipotakiwa kuwa na hewa. Damu inapita pembeni, inakuta maji, inaondoka bila oksijeni."

"Moyo umeshindwa, basi," Fundi akasema. Mama yake alijaa maji mapafuni kwa sababu ya moyo, alikuwa anaijua hadithi hiyo.

"Moyo wake tumeupima, unafanya kazi vizuri. Ungekuwa moyo, ningempa dawa ya kukojoa na huenda leo angepata nafuu. Hapa kuta zenyewe ndizo zimeharibika. Na kuna ute unaopaka vifuko kwa ndani ili visinate na kujifunga. Nao umeharibika. Kwa hiyo mapafu yamekuwa magumu, hayapanuki. Mashine inasukuma, yenyewe yanagoma."

"Si muiongeze nguvu?"

"Ndilo kosa tunaloliogopa. Hewa itakimbilia sehemu chache zilizobaki wazi, itazivimbisha kupita kiasi, itaziumiza nazo. Tunampa pumzi ndogo ndogo, na mashine inabakiza shinikizo kidogo ndani ili vifuko visijifunge kabisa. Lakini oksijeni tunampa kiwango cha mwisho, na bado haitoshi." Daktari akatafuta mfano. "Unaijua sponji?"

Shemeji akamtazama Fundi. Fundi hakucheka.

"Naijua," akasema.

"Fikiria sponji kubwa iliyolowa chapachapa. Ukiilaza, uzito wa maji unabana upande wa chini. Juu kuna matundu wazi, chini matundu yamefungana. Mapafu yake yako hivyo hivyo. Amelala chali, upande wa mgongo umebanwa."

Daktari alidhani amempa mfano wa kumsaidia. Kumbe amemtia hofu kuliko maneno yote yaliyotangulia. Fundi alikuwa ametoa sponji zilizolowa kutoka makochi yasiyo na hesabu, ya watu waliofurikiwa na mvua, ya watu waliopasukiwa na bomba. Alijua zinavyokuwa nzito, zinavyonuka, zinavyojikandamiza chini zikawa kama ubao. Ukizianika zinakauka, ndiyo, lakini hazirudi. Alikuwa anazitupa.

"Sponji ikifika hapo haina maisha," akasema polepole.

Daktari alimwelewa, akakaa kitako vizuri. "Sponji yako ni kitu, mama. Haya mapafu yana uhai. Yanaweza kunyonya hayo maji na kujitengeneza, yakipata muda. Sijasema yatafanya hivyo. Nasema yanaweza. Kazi yetu ni kumvusha hadi hapo bila sisi wenyewe kumuumiza. Na sasa tunataka kumgeuza, tumlaze kifudifudi."

Shemeji aliinuka. "Kifudifudi vipi? Mtu amekosa hewa, unamwekea uso kwenye mto?"

"Anapumua kwa mrija, kaka, si kwa pua. Uso tutaugeuzia pembeni."

"Na tumbo lote lile? Na uzito wake wote juu ya kifua?"

"Akiwa chali ndipo uzito unapomwelemea. Moyo unalalia mapafu, tumbo linasukuma kutoka chini, na maji yanakandamiza mgongoni. Na mgongoni ndiko sehemu kubwa ya mapafu iliko. Tukimgeuza, moyo utalalia mfupa wa kifua, na huko mgongoni kutapata nafasi ya kufunguka. Damu haihami sana, bado nyingi inapita huko huko mgongoni. Kwa hiyo hewa inakwenda kukutana na damu ilipo. Tutaweka mito chini ya kifua na nyonga, tumbo libaki huru."

"Mmewahi kufanya?" Fundi akauliza.

"Mara nyingi. Wengi oksijeni inapanda. Si wote." Daktari hakuangalia pembeni aliposema hivyo. "Na kugeuza kwenyewe kuna hatari. Mrija unaweza kutoka. Presha inaweza kushuka. Lakini nikimwacha alivyo, naogopa zaidi."

Shemeji alimgeukia Fundi. "Shemeji, mimi sikubali. Kaka ni dhaifu, watamvunja. Tumwache apumzike."

Fundi alitazama mikono yake. Haikuwahi kukosa kichwa cha msumari. Alitaka mtu amwambie la kufanya, na mtu ambaye siku zote alimwambia la kufanya, hata asipoulizwa, alikuwa amelala nyuma ya ukuta na mrija mdomoni.

"Hapumziki, shemeji," akasema mwishowe. "Anazama. Daktari, mgeuzeni. Ila nataka kuona."

Walimruhusu kusimama nje ya kioo. Muuguzi mkuu wa zamu, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya upole, alimweleza kabla hajaingia: "Utaona namba zikishuka. Usije ukadhani ndiyo mwisho. Mtazame daktari wa usingizi aliyeko kichwani. Yeye asipotaharuki, na wewe usitaharuki." Kisha akaingia.

Wauguzi na madaktari wote walikizunguka kitanda. Walimfyonza makohozi kwenye mrija, wakavuta kilichokuwa tumboni, wakampaka dawa machoni na kuyafumba kwa plasta. Mito ikawekwa juu ya kifua na juu ya nyonga, shuka likawekwa juu ya mito, na kingo zake wakazikunja pamoja na kingo za shuka la chini, wakazisokota hadi Redio akawa kama furushi. Kichwani alisimama daktari wa usingizi, mwanamume mwembamba, mkono mmoja umeshika taya, mwingine umeshika mrija pale unapoingilia mdomoni. Muuguzi mkuu alisema kitu. Wakamsogeza hadi ukingoni mwa kitanda. Akasema tena. Wakamwinua kwa ubavu.

Hapo Fundi aliona mkono wa mumewe umening'inia nje ya shuka, mzito, usio na mwenyewe, akaegemea kioo. Shemeji alimshika kiwiko. Wakati huo huo Redio akamalizikia upande wa pili, uso chini, na kengele ikaanza kulia.

Namba ya oksijeni ilikuwa themanini na nne kabla hawajaanza. Ikasoma themanini na moja. Sabini na nane. Sabini na tano. Fundi hakujua namba hizo zinahesabu nini hasa, alijua tu kwamba zinakwenda chini. Watu walikuwa wanabandika vitu mgongoni, wananyoosha mirija, mmoja anasikiliza kwa kifaa. Shemeji akaanza kusema, "Nilisema, nilisema mimi," kwa sauti ndogo, akirudia. Fundi alimtazama daktari wa usingizi. Mwanamume yule alikuwa amejikunja, jicho karibu na mrija, hajainua kichwa. Hakuwa ametaharuki. Fundi alimng'ang'ania kwa macho kama mtu anavyoshika ukingo wa ngazi gizani.

Sabini na tano ikakaa. Ikakaa mno. Ikawa sabini na saba.

Kuanzia hapo ilipanda kwa unyonge, moja, ikasita, moja. Kengele ikanyamaza. Waliigeuza shingo, wakauinua mkono mmoja juu kando ya kichwa na kuulaza mwingine kando ya mwili, kama mtu anayeogelea. Namba ilipofika themanini na nane, muuguzi mkuu aligeuka akatazama kioo na kuinamisha kichwa kidogo. Fundi alikuwa anahema kana kwamba yeye ndiye aliyebebwa.

Jioni walimwita ndani. Oksijeni ilisoma tisini na tatu, na daktari alimwonyesha kwenye mashine kwamba wamekwisha kuanza kupunguza kile kiwango cha mwisho. "Imemkubali," akasema. "Mama, sikiliza lakini. Hii si dawa ya nimonia. Vishipa bado vinavuja. Tumenunua muda tu."

Fundi alisimama kando ya kitanda. Hakuujua mgongo wa mumewe kwa namna hii, mpana, umejaa nyaya, ukipanda na kushuka kidogo kidogo kwa amri ya mashine. Alitaka kuugusa akaogopa kuusumbua. Muuguzi akamwambia aguse. Akaweka kiganja chini ya bega, na akaisikia hewa ikiingia pale, au alijidanganya kwamba anaisikia. Ilipasa aseme kitu. Wauguzi walimwambia wagonjwa wengine husikia. Basi Fundi, asiyejua kuongea, aliinama karibu na sikio akamwambia kwamba lori lipo, limeegeshwa vizuri. Akamwambia tena.

Asubuhi alipoingia hakumtambua. Uso ulikuwa umevimba kama uliopigwa, kope zimejaa maji, mdomo umekaa upande. Alipiga ukelele mdogo na kujiziba. Muuguzi mkuu alimvuta kando. "Ni kulala kifudifudi tangu jana, maji yanashukia usoni. Kila baada ya muda tunamgeuzia kichwa upande mwingine ili shavu lisichunike. Tukimrudisha chali uvimbe utapungua."

Wakamrudisha chali, na namba zikashuka tena, ila si kama mwanzo. Baada ya kumpima kwa muda, wakamgeuza tena kifudifudi. Ikawa ndiyo mwenendo: sehemu kubwa ya mchana na usiku juu ya tumbo, halafu chali, halafu tena. Shemeji aliacha kubisha. Alileta chakula cha Fundi, akakaa naye, na kila walipomgeuza aliondoka kwenda kusimama uani hadi mtu amwite.

Siku mbaya kuliko zote ilikuja wakati Fundi ameshaanza kuzoea. Alikuwa ameketi karibu, kiganja mahali pale pale pa mgongo, akausikia mgongo umeacha kupanda. Mashine ikapiga kelele kali ambayo hakuwahi kuisikia. Muuguzi kijana alikimbia, akatazama, akaita. Daktari akaja akiwa anavaa glavu. "Mrija umeziba," akasema, "makohozi." Fundi alisukumwa hadi ukutani, kwa adabu lakini akasukumwa. Walichomeka kimrija chembamba ndani ya mrija, wakavuta, hakikutoka kitu, wakavuta tena. Rangi ya sikio la Redio, sehemu pekee aliyoweza kuiona, ilikuwa inageuka. Mtu alikuwa anawaita wenzake waje wamgeuze chali haraka. Fundi alikuwa anasema "basi, basi, basi," hajui anamwambia nani.

Kikatoka kipande kizito, cha rangi ya kutu. Hewa ikapita. Mgongo ukapanda.

Daktari aliegemea kitanda kwa mkono mmoja, mara moja tu, akanyooka. Fundi aliona na yeye alikuwa ameogopa, na hilo halikumpa nafuu yoyote. Alitoka koridoni akatapika kwenye sinki la kuoshea mikono, akalisafisha, akarudi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika taratibu mno, hata hakuweza kusema yalianzia wapi. Siku moja walimrudisha chali na namba haikushuka. Wakangoja, haikushuka. Daktari alisema hawatamgeuza tena isipokuwa mapafu yakidai. Picha ya kifua, ambayo mwanzo ilikuwa nyeupe tupu kama shuka, ilikuwa na madirisha meusi hapa na pale, na daktari alimweleza kwamba weusi huo ni hewa. Wakapunguza usingizi. Redio alifungua macho, akamtazama mkewe, na kwa siku kadhaa hakumjua. Alirusharusha mikono, alitaka kung'oa mrija, alilia bila sauti. Fundi aliogopa upya, akauliza kama akili imeharibika. Wakamwambia ni dawa na ugonjwa, kwa wengi hutulia. Kwake pia ilitulia.

Siku walipoutoa mrija alinong'ona kwa sauti ya kukwaruza, "Maji." Walimpa matone kwa kijiko.

Alirudi nyumbani amekonda, miguu kama ya mtu mwingine. Ngazi za kwenda ghorofani ziliwachukua muda mrefu. Kila baada ya hatua chache alisimama, kifua kikipanda, na Fundi alisimama hatua moja chini yake, mikono mbele, kana kwamba angeweza kumdaka. Kliniki waliwaeleza kwamba mapafu yamepona kwa sehemu, kuna makovu, ugumu kidogo umebaki, utapungua kwa miezi na huenda usiishe. Kuendesha lori kwa safari ndefu walimwambia asubiri.

Hakukumbuka chochote. Hilo lilimshangaza Fundi kuliko yote: siku zile zote zilizomla yeye, kwa mwenyewe zilikuwa shimo. Alasiri moja alikuwa amekaa kibandani akimtazama mkewe akikaza kitambaa, akamuuliza, "Hivi ilikuwaje, wakati ule waliponiangusha uso chini?"

Fundi alitoa misumari mdomoni, akaishika kiganjani. Alifikiria kengele, mkono ulioning'inia, sabini na tano iliyokaa mno. Alifungua mdomo kumwambia, na akakuta bado hawezi, bado anaogopa, kana kwamba akilitaja jambo lile litamsikia lirudi.

"Walikugeuza," akasema. "Ukapumua."

Redio alingoja aendelee. Alipoona haendelei, aliinuka polepole, akaja akashika ncha ya pili ya kitambaa, akaivuta ikakaza. Wakaendelea na kazi, na Fundi, akiwa ameinama, alikuwa anazisikiliza pumzi za mumewe.